MRR inapanda na kushuka bila sababu: kutafuta kosa kwenye malipo ya mwaka

Jumatatu ya 3 Machi 2025, mwenye kampuni moja ndogo ya programu hapa Dar es Salaam alinigeuzia kompyuta yake niione grafu. Nguzo ya Desemba ilisimama kwenye shilingi milioni 6. Ya Januari ilikuwa imepaa hadi milioni 25 na ushei. Ya Februari ilikuwa fupi kuliko zote, milioni 4 na kidogo. Juu ya grafu pameandikwa MRR kwa herufi kubwa.

"Dada," akaniuliza, "hapa tumepanda au tumeanguka?"

Kesho yake alitakiwa aipeleke karatasi hiyo kwa mtu aliyetaka kumwongezea mtaji, kwa hiyo halikuwa swali la kupitisha muda. Jibu lake lilikuwa kwamba hakupanda kiasi kile wala hakuanguka kiasi kile. Alikuwa ameshuka kidogo, na grafu haikuonyesha hata hicho kidogo. Tangu siku ile nimeyakuta makosa yaleyale kwenye vitabu vya watu wengine, na karibu yote chanzo chake ni wateja wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo. Nayaeleza hapa kwa kufuata dalili, maana mtu huiona dalili kwanza. Mfano ni wa kampuni hiyohiyo. Namba nimezirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kalamu.

MRR ni mapato yanayojirudia kila mwezi. Inajibu swali moja: leo, tarehe hii, wateja walio kwenye huduma wanatuingizia thamani ya shilingi ngapi kwa mwezi mmoja? Ni sawa na kupiga picha ya siku moja. Haiulizi mwezi huu zimeingia pesa ngapi benki, wala mhasibu ameandika mapato kiasi gani. Kwa kila mteja hesabu ni hii:

```
MRR = (thamani ya mkataba bila VAT - malipo ya mara moja) / miezi ya huduma
```

Kisha unajumlisha wateja wote ambao huduma yao iko hai siku unayopiga picha. Mteja wa mwezi kwa mwezi anagawanywa kwa 1, wa mwaka kwa 12. Aliyelipia mwaka akapewa miezi 3 ya nyongeza anagawanywa kwa 15, kwa sababu pesa ile ndiyo inayobeba miezi yote 15.

Kampuni yetu inauza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa. Bei ni shilingi 60,000 kwa mwezi bila VAT. Desemba 2024 ilikuwa na maduka 100, yote ya mwezi kwa mwezi, na ankara zote zinatoka tarehe 15. MRR yake ilikuwa 6,000,000, na hapo hapakuwa na la kubishana. Januari mwenye kampuni akatangaza ofa ya lipa miezi 10 utumie 12, yaani 600,000 kwa mwaka. Maduka 30 kati ya yale 100 yakahamia kwenye mwaka, maduka mapya 5 yakaingia moja kwa moja kwenye mwaka, na 2 yakaacha.

Dalili ya kwanza: MRR imeruka mwezi mmoja, imeporomoka mwezi unaofuata

Hii ndiyo ile grafu. Ripoti ilijumlisha ankara za kila mwezi kama zilivyo. Januari maduka 68 yaliyobaki kwenye mwezi yalitozwa 4,080,000, na maduka 35 ya mwaka yakatozwa 21,000,000. Jumla ni 25,080,000. Februari maduka ya mwaka hayakuwa na ankara, zikabaki zile 4,080,000 peke yake. Grafu ilikuwa inasema kweli kuhusu ankara, ila jina lililoandikwa juu yake halikuwa lake.

Kulitambua kosa hili ni rahisi. Angalia kama mwezi ulioruka una ofa ya mwaka, au ndio mwezi ambao wateja wengi hufufua mikataba. Kisha chukua mteja mmoja wa mwaka, mfuate kwa jina miezi mitatu mfululizo. Kama ana 600,000 Januari na sifuri Februari na Machi, umeshalipata. Duka lile halikuondoka Februari. Linaendelea kuuza dawa na kutoa risiti kwa programu yako, na linakuingizia 50,000 kila mwezi.

Ukisahihisha, picha ya 31 Januari inakuwa hivi: maduka 68 mara 60,000 ni 4,080,000, na maduka 35 mara 50,000 ni 1,750,000. MRR ni 5,830,000. Picha ya 28 Februari nayo ni hiyohiyo, kwa sababu Februari lilitoka duka moja la mwezi na likaingia jingine.

Dalili ya pili: wateja wameongezeka, MRR imeshuka

Mwenye kampuni alipoiona 5,830,000 hakukubali. Alikuwa na maduka 100, sasa anayo 103. Inakuwaje mapato yapungue?

Yamepungua kwa sababu ya ofa. Duka lililokuwa linaleta 60,000 sasa linaleta 50,000, na maduka 30 yamefanya hivyo. Ili mtu alione hilo bila kubishana naye, usimwonyeshe jumla peke yake. Mpangie mwendo wa kutoka picha ya kwanza hadi ya pili. Tunaanza na 6,000,000. Tunaongeza maduka mapya 5 ya mwaka, 250,000. Tunatoa yale 30 yaliyohama, kila moja limepungua 10,000, jumla 300,000. Tunatoa mawili yaliyoacha, 120,000. Inabaki 5,830,000.

Ile 300,000 iwe na mstari wake, ijulikane kuwa ni kupungua kwa thamani ya wateja ambao bado wapo. Nimeona ripoti ambazo mfumo, mteja akihama kutoka mwezi kwenda mwaka, unafunga mkataba wa zamani na kufungua mpya, kisha unahesabu duka moja kuwa limeacha na jingine jipya limekuja. Jumla ya mwisho inatoka sawasawa, lakini habari inayotolewa ni ya uongo: eti wateja 32 wameondoka Januari na 35 wapya wamekuja. Mtu mwenye pesa zake akisoma hivyo ataamini programu ni mbovu na wauzaji ni hodari, na yote mawili si kweli. Dawa yake ni kumfuata mteja kwa namba yake ya usajili, si kwa namba ya mkataba.

Mshuko huu, kwa maoni yangu, si lazima uwe mbaya. Kampuni imeuza punguzo la sehemu moja ya sita ikanunua pesa taslimu ya mapema na uhakika wa mwaka mmoja. Huo ni uamuzi wa biashara wenye bei yake. Kosa ni kuificha bei hiyo, na kuna njia moja ya kuificha bila hata kukusudia.

Mwenye kampuni alirudi nyumbani akairudia hesabu mwenyewe. Asubuhi akanitumia jibu kwa WhatsApp: 6,145,000. Alifurahi, maana sasa ilikuwa imepanda. Nilipomuuliza namba amezitoa wapi, bei ya mwezi alikuwa ameichukua kwenye orodha ya bei, 60,000. Ya mwaka aliichukua kwenye taarifa ya benki. Na benki kila duka la mwaka lilikuwa limeweka 708,000, kwa sababu kampuni imesajiliwa VAT na kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni 18%, yaani 108,000 juu ya 600,000.

Gawanya 708,000 kwa 12 unapata 59,000. Inakaribiana mno na 60,000, kiasi kwamba hakuna jicho litakaloishtukia. Kodi ya serikali ilikuwa imekaa palepale pa punguzo na kulifunika. Maduka 35 mara 9,000 ni 315,000 ambazo si mapato ya mtu yeyote pale ofisini. Ni pesa za TRA zinazopita njia. Kwa hiyo ukiona mteja wa mwaka, pamoja na punguzo lote ulilompa, MRR yake inakaribia kuwa sawa na ya mteja wa mwezi, kabla ya kufurahi tafuta VAT.

Hapohapo tafuta na vitu vya mara moja. Kampuni hii inauza pia skana za kusomea namba za dawa na inatoza mafunzo ya siku ya kwanza. Duka la mwaka likiagiza vyote pamoja, ankara inatoka moja, na skana ikigawanywa kwa 12 pamoja na huduma inakuwa kana kwamba duka linanunua kipande cha skana kila mwezi. Vitu hivyo hutolewa kwanza, ndipo unagawanya.

Dalili ya tatu: namba ya mhasibu haifanani na MRR

Hapa mara nyingi hakuna kosa. Ni namba mbili zinazojibu maswali mawili, na kazi yako ni kuweza kueleza tofauti hadi shilingi ya mwisho.

Mhasibu anayefuata IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuandika mapato ya mikataba, haandiki 21,000,000 zote kuwa mapato ya Januari. Huduma itatolewa mwaka mzima, kwa hiyo mapato yanaandikwa kadiri huduma inavyotolewa, na sehemu ambayo haijatolewa inakaa upande wa madeni: ni huduma tunayodaiwa na wateja. Njia iliyozoeleka ni kuhesabu kwa siku. Maduka 35 yalianza 15 Januari 2025, kwa hiyo Januari yalitumia siku 17:

```
Januari:  21,000,000 x 17/365 =   978,082
Februari: 21,000,000 x 28/365 = 1,610,959
Machi:    21,000,000 x 31/365 = 1,783,562
```

MRR ya maduka hayohayo ni 1,750,000 katika picha zote tatu. Januari tofauti ni kubwa kwa sababu walianza katikati ya mwezi. Februari na Machi tofauti inatokana na urefu wa mwezi tu. Mkataba ni uleule, huduma ni ileile. Ukiona mapato ya mhasibu yanashuka Februari na kupanda Machi huku MRR imetulia, hesabu siku kabla hujamtafuta mtu wa kumlaumu.

Kinachofaa kukushtua ni mhasibu na MRR kukubaliana kabisa kila mwezi. Mara nyingi maana yake mmoja amenakili kwa mwenzake.

Kuna namba ya tatu inayoleta mkanganyiko hapa kwetu, nayo ni ripoti ya Z ya mashine ya EFD. Siku duka linapolipa mwaka, risiti inatoka ya 708,000, na ripoti ya siku hiyo inabeba 708,000 zote. VAT yake nayo haigawanywi kwa miezi 12. Inaingia kwenye ritani ya mwezi huo. Kwa hiyo usijaribu kuilinganisha MRR na ripoti ya Z. Inayopaswa kulingana na ripoti ya Z ni ankara na risiti zako.

Na kabla ya kuiacha dalili hii, niseme jambo linaloniumiza. Tarehe 31 Januari, kati ya zile 21,000,000, ni 978,082 tu zilizokuwa zimeshafanyiwa kazi. Zilizobaki, 20,021,918, zilikuwa bado ni deni la huduma. Akaunti ya benki ilikuwa imenona na mwenye kampuni alikuwa ameanza kuulizia bei ya gari la mauzo. Nilimwomba aigawe pesa ile kwa miezi na kujiuliza mishahara ya Agosti itatoka wapi, kwa kuwa Agosti yale maduka 35 hayatalipa hata senti, na simu zao za kuomba msaada zitaendelea kupokelewa na kijana anayehitaji mshahara. Ndiyo maana unaweza kukuta MRR inapanda taratibu na benki inakauka. Si MRR iliyokosea. Pesa ya mwaka ililiwa mwanzoni mwa mwaka.

Dalili ya nne: wanaoacha wamepungua ghafla, kisha mwezi mmoja wanaondoka kundi zima

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu miezi 11 yote inaonekana kama habari njema.

Kabla ya ofa, kampuni ilikuwa inapoteza duka moja au mawili kwa mwezi kati ya 100. Kuanzia Februari 2025 ilipoteza moja kila mwezi, na kuingiza moja. Ripoti ikagawanya 1 kwa 103 na kupata chini ya 1%. Mwenye kampuni akaandika kwenye taarifa yake kwamba wateja wametulia.

Maduka 35 hayakutulia. Yalikuwa yamefungwa na malipo. Duka lililolipa hadi 14 Januari 2026 haliwezi kuhesabika limeondoka mwezi Mei hata kama mwenyewe ameshaifuta programu kwenye kompyuta yake. Ukiliweka duka hilo chini ya mstari kwenye hesabu ya walioacha, unawagawa walioweza kuondoka kwa idadi iliyochanganyika na wasioweza. Hesabu ya kweli ya Mei ni 1 kati ya 68, karibu 1.5%.

Januari 2026 ikafika. Maduka 35 yalitakiwa kufufua, 26 yakafufua, 9 hayakufufua. MRR ikakatika 450,000 kwa siku moja, na ripoti ikaonyesha mwezi mbaya kuliko miezi yote tangu kampuni ianze. Watu wakaanza kutafuta nini kimeharibika Januari. Hakuna kilichoharibika Januari. Maduka yale yaliondoka kidogokidogo mwaka mzima, na Januari ilikuwa tu siku ya kuandikishwa.

Namna ya kulitatua ni kuwatenganisha. Wateja wa mwezi uwape hesabu yao ya kila mwezi. Wateja wa mwaka usiwape asilimia ya mwezi kabisa. Wahesabu siku mkataba unapoisha, walioondoka kati ya waliotakiwa kufufua. Hapa ni 9 kati ya 35, karibu 26%. Sasa linganisha kwa kipimo kimoja: maduka ya mwezi yalipoteza 12 kwa mwaka kati ya wastani wa 68, chini ya 18%. Kumbe wale walioonekana waaminifu kwenye grafu ndio walioondoka zaidi. Ni kundi moja na mwaka mmoja tu, kwa hiyo nisingejenga sheria juu yake, lakini ilitosha kumfanya mwenye kampuni asirudie ofa ileile bila kuwauliza waliotoka.

Na ilikuwa inawezekana kujua mapema. Programu inaweka tarehe ya mauzo ya mwisho ya kila duka. Nilipoifungua orodha ya wale 9, duka la kwanza lilikuwa limeingiza mauzo mara ya mwisho 22 Septemba: panadol, dawa ya kikohozi na bandeji, kisha kimya. Maduka 6 kati ya 9 yalikuwa hivyo, yamenyamaza miezi mitatu au zaidi kabla ya mkataba kuisha. Kwenye MRR yote yalikuwa yanasimama na 50,000 zake kamili, na kwa kanuni ilikuwa sahihi, kwa sababu mkataba ulikuwa hai. Kwa hiyo usiyatoe kwenye MRR kabla ya tarehe. Weka safu ya pembeni yenye tarehe ya mwisho wa mkataba na tarehe ya mauzo ya mwisho, na uandike chini ya MRR ni kiasi gani kinaisha ndani ya siku 90 zijazo. Oktoba 2025 mstari huo ungesema 1,750,000 zinaisha Januari, na maduka kadhaa kati yake hayatumii programu tena.

Linabaki swali la wanaochelewa. Duka linaisha 14 Januari, linalipa 2 Februari. Katika picha ya 31 Januari lipo au halipo? Watu wana kanuni tofauti na hakuna kiwango cha uhasibu kinachoamua, kwa kuwa MRR si namba ya viwango vya uhasibu. Mimi naipa kila kampuni kanuni moja: siku 30 za subira, na ndani ya siku hizo duka linabaki kwenye jumla likiwa limewekewa alama. Zikipita bila malipo, linatolewa kuanzia tarehe mkataba ulipoisha, na picha ya mwezi ule inasahihishwa. Unaweza kuchagua siku 14 au usichague subira kabisa. Baya ni kuibadilisha mwezi ambao namba imekuwa mbaya.

Dalili ya tano: mteja mmoja MRR yake ni kubwa mno au ndogo mno

Mara nyingi ni mteja aliyebadilisha mkataba katikati ya mwaka. Duka moja la mwaka, lililoanza 15 Januari 2025, lilifungua tawi jingine na kuongeza huduma kuanzia 15 Julai. Ili mikataba yote miwili iishe pamoja, tawi lilitozwa miezi 6 iliyobaki tu: 300,000. Karani akaona ni mteja wa mwaka, akagawanya kwa 12, akapata 25,000. Sahihi ni 50,000, kwa sababu 300,000 zile zinabeba miezi 6. Gawanya kwa miezi ambayo pesa inaihudumia, usigawanye kwa jina la mpango.

Kosa la upande wa pili ni kuhesabu mara mbili. Mteja anabadilisha kifurushi, ofisi inafuta ankara ya zamani kwa hati ya kurudisha salio na kutoa mpya, lakini kwenye jedwali mstari wa zamani unaachwa na tarehe yake ya mwisho ileile. Duka linakuwa na mikataba miwili hai. Hilohilo hutokea kwa anayefufua mapema: amelipa 3 Januari kwa huduma itakayoanza 15 Januari, na karani akaandika tarehe ya malipo kuwa tarehe ya kuanza. Kwa siku 12 duka linasimama mara mbili. Kwenye jedwali la Excel lenye jina safu A, mwanzo safu D, mwisho safu E na tarehe ya picha kwenye J1, kanuni hii inakuambia kila jina lina mistari mingapi iliyo hai:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,D:D,"<="&$J$1,E:E,">="&$J$1)
```

Ikitoa zaidi ya 1, fungua faili la mteja huyo. Wenye matawi watakuwa na 2 kwa haki.

Dalili ya sita: jumla ni ndogo kuliko ukijumlisha kwa mkono

Hapa usihangaike na wateja, angalia tarehe. Jumla yenyewe, MRR ya kila mstari ikiwa safu F, ni hii:

```
=SUMIFS(F:F,D:D,"<="&$J$1,E:E,">="&$J$1)
```

Kanuni hii inaruka kimyakimya mstari wowote ambao tarehe yake ni maandishi na si tarehe, na inaruka pia mstari ambao safu E iko wazi. Ya pili huwapata wateja wa mwezi, kwa kuwa watu huacha tarehe ya mwisho wazi wakiamini mteja ataendelea. Wape mstari mmoja kwa kila ankara, wenye mwanzo 15 na mwisho 14 ya mwezi unaofuata. Ya kwanza huja pale kompyuta imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani: ukiandika 15/01/2025 inashindwa kuielewa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, na inaiacha kama maandishi yaliyoegemea kushoto mwa kisanduku. Andika =ISNUMBER(D2) pembeni na uivute hadi chini; kila FALSE ni mteja aliyepotea kwenye jumla.

Iliyo hatari zaidi haitoi FALSE. Ni 05/03/2025, ambayo kompyuta hiyohiyo inaisoma kuwa 3 Mei na wewe ulimaanisha 5 Machi. Duka linachelewa kuingia kwenye picha kwa miezi miwili. Nilikuta mistari 4 ya namna hiyo kwenye jedwali la kampuni hii, na niliigundua kwa kuwa ankara za kampuni karibu zote hutoka tarehe 15 na pale palikuwa na maduka yanayoanza tarehe 3. Kwa kila tarehe isiyo ya 15, tulifungua ankara ya karatasi na kuilinganisha.